Karani anapoacha kazi: Hesabu ya mwisho haifuti funguo za ofisi

KARANI wa uhasibu anapowasilisha barua ya kujiuzulu, waajiri wengi hufikiria mshahara wake wa mwisho tu. Hata hivyo, hasara kubwa aghalabu hutokana na mambo yasiyoonekana kwenye hati ya malipo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kila mwezi atoe ilani ya siku 28, iwapo mkataba wake hausemi muda mrefu zaidi. Siku hizo ndizo za kukabidhi kazi. Kuandika maelezo pekee hakutoshi. Mrithi wake anafaa kufunga hesabu za mwezi mwenyewe, huku anayeondoka akitazama bila kushika chochote. Mrithi akikwama, hapo ndipo penye jambo ambalo halikuandikwa popote.

Siku ya mwisho, akaunti yake ya barua pepe na ya mfumo wa uhasibu zifungwe saa anayotoka. Zifungwe, zisifutwe, kwa kuwa ankara na mawasiliano ya wateja yangali humo. Nywila zilizotumiwa na watu kadhaa zibadilishwe zote. Benki ijulishwe kwa barua ikiwa alikuwa mtia saini. Jambo linalosahaulika zaidi ni nambari ya simu: ikiwa ujumbe wa malipo au nambari za siri za benki hutumwa kwa simu yake binafsi, bado ana ufunguo mfukoni hata baada ya kurejesha kitambulisho cha kazi.

Vifaa navyo hukaguliwa kwa kulinganisha nambari iliyo kwenye kipakatalishi na ile aliyotilia saini alipokipokea. Bila orodha hiyo ya awali, mzozo hauna mwamuzi.

Chukua mfano wa karani anayelipwa Sh52,000 kwa mwezi katika kampuni inayogawa mshahara kwa siku 26. Kila siku ni Sh2,000. Akiwa amefanya kazi siku 13 za mwezi huo, na amebakiza siku nane za likizo, anadai Sh26,000 na Sh16,000, jumla Sh42,000 kabla ya makato.

Je, kipakatalishi kikikosekana? Mwajiri hana ruhusa ya kuzuilia fedha zote. Sheria inaruhusu akate kiasi cha haki iwapo mali ilipotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote kwa pamoja, ushuru ukiwemo, yasizidi thuluthi mbili. Kwa hesabu hii ni Sh28,000, hivyo karani aondoke na Sh14,000 au zaidi. Salio la deni hudaiwa kwa njia nyingine.

Cheti cha utumishi pia hakiwezi kufanywa rehani. Mwajiri anayekinyima kwa makusudi au kwa uzembe anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa hadi miezi sita, au adhabu zote mbili.