Fahamu: Je, kukata sehemu yenye ukungu huufanya mkate uwe salama?

Doa la kijani au jeusi juu ya slesi ya mkate ni sehemu ndogo tu ya kuvu, kwa kuwa rangi hiyo hutokana na spora, yaani chembe za uzazi, ambazo kwa kawaida hujitokeza baada ya nyuzi nyembamba zisizo na rangi kuanza kupenya ndani. Mkate ni laini, una unyevu na umejaa vitundu vya hewa, hivyo nyuzi hizo huweza kufika mbali na doa bila kuonekana, na kulikata doa hakuhakikishi usalama wa kilichobaki. Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo hukubali jibini ngumu iliwe baada ya kukatwa angalau sentimita 2.5 kuzunguka ukungu na chini yake, hushauri mkate utupwe. Tosta nayo haisaidii sana: joto huweza kuua kuvu, lakini sumukuvu, yaani kemikali zenye sumu zinazotengenezwa na baadhi ya kuvu, nyingi hustahimili joto. Aliyekwisha kumeza kipande kidogo kwa kawaida hadhuriki, ila mwenye pumu au mzio asiunuse mkate huo, kwani spora huvutwa pamoja na hewa.