Gari Limefika Mombasa, Laini Imebaki Japani

Darini, karibu na kioo cha ndani, magari mengi mapya ya Kijapani yana kitufe kidogo kilichoandikwa SOS. Kikibonyezwa nchini Japani, au mifuko ya hewa ikifumuka kwenye ajali, gari lenyewe hupiga simu kwenye kituo cha HELPNET na kutuma mahali lilipo. Mhudumu huzungumza na dereva, kisha huita polisi au gari la wagonjwa. Gari hilohilo likishushwa melini Mombasa au Dar es Salaam, kitufe huja nacho kikiwa kizima, lakini hakuna kituo kinachopokea simu yake.

Wanunuzi wengi hugundua hilo baada ya kulipa. Tangazo la mnada lilisema gari lina intaneti, lina programu ya simu ya kuwasha kiyoyozi kutoka mbali, na lina uwezo wa kuonyesha lilipoegeshwa. Yote hayo yalikuwa kweli siku picha zilipopigwa. Kilichobadilika hakiko kwenye injini wala kwenye nyaya, ndiyo maana fundi akilifungua gari haoni hitilafu yoyote.

Gari la aina hii hubeba modemu yake, tofauti na simu ya dereva. Toyota huiita DCM. Ndani ya modemu hiyo mna eSIM, yaani laini iliyounganishwa moja kwa moja kwenye saketi badala ya kadi ya kuchomeka. Laini huwasiliana na mtandao wa simu, mtandao hupeleka ujumbe kwenye seva za mtengenezaji, na seva ndizo zinazozungumza na programu iliyo kwenye simu ya mwenye gari. Dereva akigusa neno "funga milango" akiwa ofisini, amri haiendi moja kwa moja kwenye gari. Hupitia seva kwanza, nayo seva hukagua kama akaunti hiyo ina mkataba hai na gari hilo. Pingu moja ya mnyororo huo ikikatika, huduma yote husimama.

Hapo ndipo swali la kawaida huulizwa yadini: kama ni eSIM, kwa nini fundi asiweke laini ya Safaricom au Vodacom? Kwenye simu, mwenye nayo huskani msimbo wa QR na laini mpya ikaingia. eSIM za magari nyingi zimejengwa kwa kanuni nyingine, ile ya mashine. Hazina mahali pa kuskani chochote. Laini mpya huletwa kutoka mbali na seva maalumu yenye ufunguo wa chipu hiyo, na ufunguo huo uko mikononi mwa mtengenezaji wa gari na kampuni ya simu aliyoingia nayo mkataba. Mnunuzi hupewa gari, lakini hapewi ufunguo wa laini yake.

Kuvuka mpaka peke yake si kikwazo. Mwaka 2016 Toyota na kampuni ya simu ya KDDI ya Japani zilitangaza mpango wa mfumo wa mawasiliano unaoliwezesha gari kuhamia mtandao wa nchi lilimo. Lakini mtengenezaji hufanya hivyo kwa magari anayoyauza mwenyewe katika nchi husika, ambako ana mkataba na kampuni ya simu na kituo cha wahudumu. Gari lililonunuliwa mnadani na kusafirishwa na mfanyabiashara haliko kwenye mpango huo.

Madereva wa Afrika Mashariki wanaijua shida inayofanana na hii kwenye redio. Redio za FM za Japani huanzia 76 MHz na nyingi za zamani huishia 90, ilhali stesheni za huku hufika 108. Fundi hufunga kifaa cha kupanua masafa, na muziki unasikika siku hiyohiyo. Inawezekana kwa sababu stesheni humrushia kila mtu bila kumuuliza ni nani. Seva ya mtengenezaji humuuliza kila gari jina lake na mkataba wake, na hakuna kifaa cha dukani kitakachojibu swali hilo kwa niaba ya gari.

Sasa lichukuliwe gari moja, Toyota iliyosajiliwa Japani kwa mara ya kwanza Agosti 2020. Magari mengi mapya ya kampuni hiyo nchini humo hupewa huduma za msingi za T-Connect bure kwa miaka 5 tangu usajili wa kwanza. Crown na Corolla Sport za mwaka 2018 zilianza na miaka 3. Ukaguzi wa lazima wa magari madogo Japani, uitwao shaken, hufanyika mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kwa gari hili, ukaguzi uliangukia Agosti 2023 na Agosti 2025. Ukaguzi una gharama, kwa hiyo wenye magari wengi huuza unapokaribia. Mwezi ambao gari linaelekea mnadani ndio mwezi ambao huduma ya bure inamalizika.

Mwenye gari wa Japani anapouza, anapaswa kuvunja mkataba wake wa T-Connect na kufuta taarifa zake binafsi. Usajili wa gari hufutwa kwa ajili ya kulisafirisha nje. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 tangu usajili wa kwanza, hivyo gari hili linaingia bila shida. Likifika Nairobi mapema mwaka 2026, kipindi cha bure kimekwisha, mkataba umevunjwa, na huduma hiyo imeandaliwa kwa wateja wa Japani. Hata kama lingeingia likiwa na umri wa miaka 2, na miaka 3 ya bure imebaki, mnunuzi asingefaidika nayo.

Ni vipi basi vitakavyoendelea kufanya kazi? Kila kinachofanyika ndani ya gari lenyewe kinabaki. Breki za dharura zinazotegemea kamera na rada hazihitaji intaneti. Kamera ya nyuma, Bluetooth, na rimoti ya funguo hubaki kama zilivyokuwa. Vinavyokufa ni vile vinavyopita kwenye seva: kuwasha kiyoyozi kwa simu, kutafuta gari kwenye ramani, kupewa onyo kwamba mlango haukufungwa, taarifa za foleni barabarani, na simu ya dharura.

Gari la umeme linaonyesha tofauti hiyo vizuri zaidi, na si lazima lisafirishwe. Mapema mwaka 2024 Nissan iliwaarifu wateja wake wa Uingereza kwamba programu ya simu ya Leaf na e-NV200 za zamani ingeacha kufanya kazi tarehe 1 Aprili, kwa kuwa modemu za magari hayo zilitegemea mtandao wa 2G. Wenye magari hawakuweza tena kuanzisha chaji au kupasha joto gari wakiwa kitandani. Hata hivyo, saa ya kuchaji na ya kiyoyozi iliyo ndani ya gari iliendelea kutumika, kwa sababu haiulizi seva yoyote. Japani nayo ilishapitia hayo: KDDI ilizima mtandao wake wa 3G tarehe 31 Machi 2022, na huduma ya G-BOOK ya Toyota ikafungwa mwezi huohuo. Magari mengi yanayotembea leo Arusha na Kisumu bado yanaonyesha jina la G-BOOK kwenye redio zao, ingawa huduma yenyewe ilishafungwa Japani.

Mtandao ukitoweka, modemu nayo inaweza kuleta usumbufu. Amerika Kaskazini, kampuni ya AT&T ilipozima 3G Februari 2022, baadhi ya wenye Subaru walikuta betri zimekwisha chaji asubuhi, kwa kuwa modemu iliendelea kutafuta mtandao usiokuwepo. Wengine waliamua kuchomoa fyuzi ya DCM. Betri ilipona, lakini spika za mbele na kipaza sauti cha simu vikanyamaza, kwa sababu sauti zake zilipitia kwenye modemu hiyo. Mwenye gari ambalo betri yake inaisha bila sababu amwombe fundi apime umeme unaovuja gari likiwa limezimwa na kufungwa, kabla ya kuchomoa chochote.

Upande wa pili wa jambo hili ni mwenye gari wa zamani. Mwaka 2017, mtafiti wa usalama wa IBM, Charles Henderson, alieleza hadharani kwamba miaka kadhaa baada ya kuuza gari lake bado aliliona kwenye simu yake, na angeweza kulifungua milango. Kufuta taarifa kwenye dashibodi hakukutosha, kwa sababu uhusiano wa akaunti na gari ulihifadhiwa kwenye seva. Alipochunguza programu za watengenezaji wanne wakubwa, alikuta kasoro hiyohiyo. Kwa gari lililotoka Japani na laini yake imekufa, hatari hiyo ni ndogo. Kwa gari lililonunuliwa kwa mtu aliye nchi hiyohiyo, likiwa na laini hai, ni kubwa. Muuzaji aliondoe gari kwenye akaunti yake mbele ya mnunuzi, na mnunuzi aone kwa macho yake kwamba halipo tena.

Anayetaka kujua hali ya gari kabla ya kulipa aanze na taa iliyo kando ya kitufe cha SOS. Katika magari ya Toyota yenye Safety Connect, huduma inayouzwa Amerika Kaskazini, kijani maana yake huduma iko hai, nyekundu ni hitilafu, na taa ikiwa imezimika huduma haipo. Magari ya masoko mengine yana maelezo yao kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi yanakaribiana na hayo. Kisha amuulize muuzaji maswali mawili: huduma hizi ziliuzwa rasmi katika nchi gani, na je, kuna ofisi hapa nchini inayoweza kufungua mkataba kwa namba ya chesisi ya gari hili? Jibu la pili likiwa hapana, programu ya simu isihesabiwe kwenye bei.

Baadhi ya mahitaji yana njia nyingine. Skrini yenye Apple CarPlay au Android Auto hutumia ramani na intaneti ya simu ya dereva, hivyo safari ya Morogoro au Nakuru itaelekezwa vizuri. Kifaa cha kufuatilia gari chenye laini ya hapa kitaonyesha gari lilipo, na baadhi huweza kuzima injini likiibiwa. Kugawa intaneti ya simu kwa gari hakutafufua programu ya mtengenezaji, maana seva inatambua modemu na mkataba.

Simu ya dharura ndiyo isiyo na mbadala ndani ya gari. Kila anayepanda gari hilo aambiwe wazi kwamba kitufe cha darini hakiiti mtu, na kwamba ajali ikitokea ni abiria wenyewe watakaopiga 112 au 999 nchini Kenya, na 112 nchini Tanzania.