Mzigo Ukidoda, Uandikwe kwa Bei Gani?

Desemba ikifika ukingoni, maduka mengi hufunga mapema siku moja ili kuhesabu mzigo. Mmoja anapanda ngazi na kutaja idadi, mwingine anaandika. Idadi ikishapatikana inazidishwa kwa bei ya kununulia, na jibu linaingia kwenye hesabu za mwaka kama mali ya duka. Kwa bidhaa inayotoka kila siku, hesabu hiyo haina shida. Kwa bidhaa ambayo mtindo wake umepita, inampa mwenye duka mali ambayo hana.

Wahasibu wana kanuni ya jambo hili, nayo imo katika kiwango cha kimataifa kiitwacho IAS 2, kinachofuatwa Tanzania na Kenya pia. Inasema hivi: bidhaa ambayo haijauzwa iandikwe kwa gharama yake, au kwa kiasi halisi kitakachopatikana ikiuzwa, kutegemea kipi ni kidogo. Sentensi ni fupi, lakini kila upande wake una mambo ya kuangalia.

Tuchukue mfano wa duka la abaya pale Kariakoo, linaloagiza mzigo kutoka Dubai. Kabla ya Idi lilileta abaya za mikono mipana zilizojaa shanga, mtindo uliokuwa ukitafutwa na kila mtu wakati huo. Bei ya kununulia ilikuwa shilingi 38,000 kwa moja. Ukiongeza usafiri, ushuru wa forodha, malipo ya wakala na ya wapagazi, kila abaya ilifika dukani kwa 50,000. Hiyo 50,000 ndiyo gharama, maana gharama ya bidhaa inajumuisha kila kilichotumika kuifikisha pale ilipo katika hali iliyo nayo. Msimu ulipokuwa moto ziliuzwa 85,000.

Idi ikapita na mtindo ukabadilika, wateja wakataka mikono myembamba isiyo na shanga. Tarehe 31 Desemba zimebaki abaya 120, na mteja anayejitokeza hatoi zaidi ya 45,000. Hata hiyo 45,000 haiingii yote mfukoni. Kuna shanga zilizodondoka za kushonea upya, kupiga pasi na kufungasha tena, jumla 2,000 kwa kila moja. Kuna na kamisheni ya muuzaji, 3,000. Kinachobaki ni 40,000. (Bei zote hapa ni bila VAT, kwa kuwa muuzaji aliyesajiliwa anaikusanya kwa niaba ya serikali.)

Sasa tulinganishe. Gharama ni 50,000, kitakachopatikana ni 40,000. Kidogo ni 40,000, kwa hiyo abaya hizo zinaandikwa 4,800,000 badala ya 6,000,000. Tofauti ya 1,200,000 ni hasara, na inaingia katika matumizi ya mwaka huu. Kama duka lilikuwa limepata faida ya 7,000,000, sasa ni 5,800,000.

Wenye maduka wengi huuliza kwa nini waandike hasara wakati abaya bado ziko stoo na hakuna aliyeuza kwa bei ya kutupa. Jibu ni kwamba thamani imeshuka mwaka huu, hata kama mauzo yatafanyika mwakani. Ukiziacha kwa 50,000, hesabu za mwaka huu zitaonyesha faida nono. Mwenzako mliyeweka naye mtaji atadai mgao, na fedha itatoka. Mwakani zikiuzwa, hasara ya 1,200,000 itamwangukia aliyekuwapo wakati huo, na fedha ya kuagizia mzigo mpya itakuwa imeshaliwa.

Kampuni kubwa nazo huyapitia haya. Septemba 2013 BlackBerry ya Kanada ilitangaza kupunguza thamani ya simu na vifaa vilivyokuwa havijauzwa kwa takriban dola milioni 934, sehemu kubwa ikiwa ni simu ya Z10, iliyotoka mapema mwaka huohuo. Simu hazikuwa zimeharibika. Wanunuzi walikuwa wameelekea kwingine.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kujumlisha mzigo wote kabla ya kulinganisha. Duka letu lina pia abaya nyeusi za kawaida 100, zilizogharimu 40,000 kila moja. Hizi hazipitwi na wakati, na zikiuzwa zinaacha 62,000 baada ya kutoa gharama za kuuzia. Ukichanganya, gharama ya mzigo wote ni 10,000,000 na kitakachopatikana ni 11,000,000, kwa hiyo itaonekana hakuna hasara yoyote. Hapo faida ya abaya nyeusi, ambayo bado haijapatikana, imetumika kufunika hasara ya zile za shanga. Ndiyo maana kiwango kinataka ulinganisho ufanywe bidhaa kwa bidhaa, na kuruhusu makundi pale tu vitu vinapofanana na haviwezi kutenganishwa kwa urahisi. Nyeusi zinabaki kwa 4,000,000, za shanga 4,800,000, na jumla sahihi ni 8,800,000.

Kazi ngumu ni kuijua bei ya kuuzia bila kubahatisha. Ushahidi bora huwa unakuja wenyewe mwezi Januari. Mkaguzi wa hesabu huchukua risiti za wiki za kwanza baada ya mwaka kufungwa na kuzilinganisha na gharama iliyoandikwa. Abaya za shanga zikionekana zinauzwa 45,000, hiyo ni dalili ya hali iliyokuwapo tayari Desemba. Lakini bei ikishuka kwa sababu ya jambo lililozuka baada ya Desemba, hiyo ni hasara ya mwaka mpya.

Kama Januari imepita bila kuuza hata moja, angalia tarehe ya mwisho bidhaa hiyo ilipouzwa na bei ya majirani. Umri wa mzigo peke yake hautoshi. Kuna maduka yanayokata asilimia ileile kwa kila kilichokaa zaidi ya mwaka, na matokeo yake bidhaa nzuri inaonewa huku iliyododa ikiachwa na thamani kubwa mno. Vilevile hairuhusiwi kushusha bei ya bidhaa inayouzika vizuri ili faida ionekane ndogo.

Na mtindo ukirudi? Tuseme Desemba inayofuata zimebaki abaya 40, na watu wanazitafuta tena kwa 70,000. Ukitoa 5,000 za kuuzia, kinapatikana 65,000. Thamani inapandishwa, lakini inaishia 50,000, gharama ya mwanzo. Kwa hiyo duka linarudisha 10,000 kwa kila moja, yaani 400,000. Zile 15,000 zilizozidi zinasubiri mteja alipe ndipo ziitwe faida.

Kwa hiyo unapohesabu mzigo wa mwaka huu, usiridhike na safu mbili za idadi na gharama. Weka na ya tatu, ya bei ambayo mteja anaitoa leo, na ya nne, ya gharama za kuuzia. Toa ya nne kwenye ya tatu, linganisha na gharama mstari kwa mstari, uandike kilicho kidogo. Fanya hivyo kabla ya kugawana faida, maana fedha ikishatoka haiwezi kununua mzigo mwingine.