Kusi Hupita Garissa Bila Kusalimia

Mwezi wa Julai, kiasi cha kilomita moja na nusu juu ya mapaa ya mabati ya Garissa, hupita mojawapo ya mikondo mikubwa ya upepo duniani. Mara nyingi huenda kwa kasi ya kilomita 50 hadi 90 kwa saa, na siku za ukali wake huzidi hapo. Umetoka kusini mwa Bahari ya Hindi, umebeba mvuke njia nzima, na safari yake inaishia kwenye masika ya India. Garissa haiachiwi hata cha kujaza ndoo. Chini huku ni vumbi, mbuzi wanatafuna maboksi sokoni, na wenye malori ya maji wanafanya biashara.

Jambo hili lina haki ya kumshangaza mtu. Shuleni tulifundishwa kwamba upepo unaotoka baharini huleta mvua, nasi tukaandika hivyo kwenye mtihani tukapewa alama. Garissa haiko mbali na bahari: ukielekea mashariki moja kwa moja, hufikishi kilomita 350 kabla ya kuyaona maji ya Kismayu. Mji uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari na hakuna mlima wa kuukinga. Hata hivyo hupata milimita 300 hadi 400 za mvua kwa mwaka, wakati Mombasa hupita 1,000. Tatizo, basi, si umbali. Ni tabia ya upepo wenyewe.

Nchi kavu hushika joto upesi kuliko bahari. Ifikapo Juni na Julai jua liko kaskazini mwa ikweta, na ardhi ya Arabuni, Pakistani na India inawaka. Hewa ya huko hutanuka, ikawa nyepesi na kupanda, na mgandamizo wake hupungua. Wakati huohuo, pande za kusini mwa Morisi na Reunion ni majira ya baridi. Hewa ni nzito na mgandamizo ni mkubwa. Hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa kuelekea penye mdogo, kwa hiyo inaanza safari ya kaskazini, ikipita juu ya maji yenye joto yanayotoa mvuke mchana na usiku.

Lakini haiendi mstari ulionyooka, kwa sababu dunia inazunguka. Kusini mwa ikweta hewa hupindishwa kushoto, na ikishavuka ikweta hupindishwa kulia. Ndiyo maana hufika pwani yetu ikitoka kusini-mashariki, ikakutana na nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zisizopandika kirahisi, ikajibana kando yake na kukunja kuelekea Bahari ya Arabu. Mabaharia waliuita kusi muda mrefu kabla mtu hajauchora kwenye ramani, na ndio uliowarudisha kwao wenye majahazi ya Arabuni. Kuanzia Desemba mambo hugeuka: Asia imepoa, hewa nzito iko huko, na upepo unakuja kwetu kutoka kaskazini-mashariki. Huo ni kaskazi.

Mtu aliyeueleza mkondo wa Julai kwa vipimo ni mtaalamu wa hali ya hewa Mwingereza aitwaye Findlater, ambaye makala yake mashuhuri ilitoka mwaka 1969. Hadi leo wanasayansi wengi huuita kwa jina lake. Zana yake kubwa ilikuwa maputo. Mpimaji hujaza puto gesi nyepesi, kiasi kinachojulikana, ili lipande kwa kasi inayojulikana. Kisha analifuata kwa darubini ya kupimia pembe na kuandika, dakika baada ya dakika, liko upande gani na limeinuka kiasi gani. Kwa hesabu ya pembe unapata upepo wa kila tabaka. Udhaifu wa njia hii ni kwamba puto likishamezwa na wingu, kazi imekwisha. Lakini kwa kuunganisha vipimo vya miaka mingi, Findlater alionyesha kwamba upepo uliodhaniwa kuwa umetapakaa baharini kumbe umejibana katika mkondo mwembamba, na kwamba mkondo huo hukatiza bara, juu ya mashariki mwa Kenya na Somalia, kabla ya kurudi baharini.

Sasa, kwa nini hauteremshi mvua? Mvuke peke yake hautoshi. Hewa lazima ipande, ipoe, mvuke ugeuke matone. Kusi hauna sababu ya kupanda ufikapo kwetu, kwa kuwa huteleza sambamba na pwani juu ya ardhi tambarare. Tena unapoelekea kaskazini huongeza kasi. Hewa ya mbele hukimbia kuliko ya nyuma, nafasi inayoachwa inajazwa na hewa kavu inayoshuka kutoka juu. Hewa inayoshuka hupata joto, na hiyo hukaa juu ya mkondo kama kifuniko juu ya sufuria: mvuke uko chini yake, tele, lakini hauna pa kupandia. Juu ya hayo, upepo huohuo husukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia, na maji baridi ya kina yakapanda kuchukua nafasi, kwa hiyo hata bahari ya jirani inapoa.

Ushahidi unaonekana kwa macho. Asubuhi za Hagaa, yale majira makavu ambayo Wasomali wa Garissa huyahesabu kuanzia Julai hadi Septemba, anga mara nyingi hufunikwa na mawingu ya kijivu, mapana na ya chini. Mgeni huchukua mwavuli. Mwenyeji hachukui. Mkondo huwa na nguvu zaidi usiku na alfajiri, na mawingu hayo ndiyo mvuke wake uliokwama chini ya kifuniko. Jua likipanda yanakatikakatika, na ifikapo adhuhuri ni bluu tupu.

Mvua ya Garissa huja upepo unapozubaa. Jua huvuka ikweta Machi na tena Septemba, na wiki chache baadaye ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana hupita juu yetu. Pepo zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Kwenye pwani kipindi hiki cha upepo dhaifu unaobadilikabadilika ndicho maleleji. Kaskazini-mashariki majira yake ni Gu, kuanzia Aprili, na Deyr, kuanzia Oktoba. Vitabu vyetu huiita mvua ya Machi hadi Mei kuwa ndiyo kubwa na ya mwisho wa mwaka kuwa ndogo. Hiyo ni sahihi kwa Mombasa. Garissa, mwezi wenye mvua nyingi kwa kawaida ni Novemba.

Kaskazi nao, ukishatulia kuanzia Januari, hauleti kitu, maana umetoka kwenye nchi kavu. Hiyo ni Jilaal, na wafugaji huiogopa kuliko Hagaa kwa sababu ya joto lake. (Kaskazi ulileta kitu mwishoni mwa Desemba 2019: makundi ya nzige yaliyoingia kupitia Mandera na kusambaa Wajir na Garissa. Nzige huruka na upepo.)

Kinachoamua Deyr itakuwa na nguvu au la ni bahari, na si ile ya jirani tu. Kwa kawaida maji yenye joto zaidi katika Bahari ya Hindi yako mashariki, pande za Indonesia. Hewa hupanda huko na mvua kunyesha huko, na sehemu ya hewa hiyo hurudi juu kwa juu na kushuka kwetu. Miaka mingine hali hugeuka: maji ya Sumatra yanapoa, ya pwani ya Afrika yanapata joto, na mvua inahamia magharibi. Mwaka 1999 watafiti walioongozwa na Saji na Yamagata waliielezea hali hii na kuipa jina la dipoli ya Bahari ya Hindi. Kipimo chake ni tofauti ya joto kati ya pande hizo mbili, na wataalamu wa Australia walizoea kusema dipoli imeanza ikidumu juu ya nyuzi 0.4. Mwaka 2019, na tena 2023, ilikaribia 2.

El Nino, ambayo ni habari ya Bahari ya Pasifiki, huisukuma dipoli mara nyingi, lakini si lazima. Mwaka 1961 Afrika Mashariki ilifurika kwa dipoli bila El Nino. Mwaka 1997 vyote viwili vilikutana, na Garissa ikawa kisiwa. Mwishoni mwa mwaka huo homa ya Bonde la Ufa ikazuka Garissa na kusini mwa Somalia. Mbu wanaoieneza hutaga kwenye mabonde ya nyasi, na mayai yenye virusi hukaa kwenye udongo mkavu miaka, hadi maji yatuame juu yake. Ilipofika 2006, watafiti waliokuwa wakifuatilia joto la bahari na ukijani wa malisho kwa setilaiti waliweza kutoa onyo wiki kadhaa kabla ya ugonjwa kuthibitishwa Garissa mwezi Desemba.

Upande wa pili wa mizani tuliuona kuanzia mwisho wa 2020. Pasifiki ilishikwa na La Nina miaka mitatu mfululizo, mvua ikabaki Indonesia, na misimu mitano ikafeli hapa: Deyr tatu na Gu mbili. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini. Kisha ikaja Oktoba 2023, dipoli na El Nino pamoja, na ardhi iliyokauka hadi kugeuka saruji haikuweza kunywa maji hayo. Mnamo Novemba Mandera, Wajir na Garissa zilikuwa chini ya maji, na barabara ya kwenda Nairobi ilikatika upande wa Madogo.

Kwa hiyo utabiri wa Deyr, Idara ya Hali ya Hewa inapoutoa mwishoni mwa Agosti au Septemba, unastahili kusikilizwa: una bahari nzima nyuma yake. Wa Gu hauna mshiko huo. Machi hadi Mei uhusiano na joto la bahari ni hafifu, na mawimbi ya mvua yanayozunguka tropiki kwa wiki chache yanaweza kuupindua msimu wote. Mimi ningependa redio zetu ziseme tofauti hiyo waziwazi, badala ya kusoma tabiri zote mbili kwa sauti ileile.

Pia msichanganye mvua na mto. Mafuriko ya Garissa ya Aprili na Mei 2024 yalijazwa zaidi na mvua ya Mlima Kenya na Aberdare, iliyoshuka kwa Tana baada ya mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere kujaa. Anayeishi ukingoni anahitaji habari za mabwawa, hata kama juu yake anga ni nyeupe.

Na utabiri wowote ni wa eneo pana. Wingu la Deyr laweza kumwaga milimita 60 kwenye laga moja, yaani lita 60 kwa kila mita ya mraba, na malisho yaliyo mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo yasipate kitu. Ndiyo maana familia za wafugaji bado hutuma vijana kwenda kutazama nyasi kabla ya kuhamisha ngamia. Siku hizi wanakwenda kwa pikipiki na kupiga simu.