Barua ya Pole Isibebe Hesabu za Likizo

Mfanyakazi anapofiwa, ofisi huandika karatasi mbili. Moja ni barua ya rambirambi, inayomwendea mfiwa mwenyewe. Nyingine ni tangazo la msiba linalobandikwa ubaoni, ili wenzake wajue msiba uko wapi, ofisi inatoa nini na michango inapokewa na nani. Makosa mengi huanza pale karatasi hizi mbili zinapofanywa moja, mfiwa akapewa pole na masharti kwa pamoja.

Tuchukue mfano. Mtunza stoo wa kiwanda kidogo cha Morogoro amefiwa na mama yake mzazi huko Songea. Taarifa imefika Jumatatu asubuhi, naye ameshapanda basi kwenda nyumbani. Meneja anataka kuandika barua kabla wawakilishi wa kiwanda hawajaondoka.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba barua hiyo huenda isisomwe na mfiwa peke yake. Kwenye misiba yetu mingi, salamu za rambirambi kutoka ofisini husomwa kwa sauti mbele ya waombolezaji, pamoja na za kijiji, za dini na za ukoo. Ukiandika humo kwamba mfiwa amepewa siku nne na arudi na uthibitisho wa kifo, wakwe na majirani watasikia. Ukitaja mkopo wake wa mazishi, nao watausikia. Kwa hiyo barua iwe fupi, isomeke kwa dakika moja, na kila neno lake liwe la kuweza kusemwa hadharani.

Barua ya meneja wetu inaweza kuwa hivi:

*Ndugu yetu,*

*Tumepokea kwa majonzi taarifa ya kifo cha mama yako mpendwa, Bibi ……………, kilichotokea jana huko Songea. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kiwanda, nakupa pole wewe, baba yako, ndugu zako na ukoo mzima.*

*Wengi wetu tulimfahamu marehemu alipokuja Morogoro kukaa nawe ulipojifungua. Alikuwa akikuletea chakula hadi getini, na hakumpita mtu bila kumsalimu.*

*Kuhusu kazi usiwe na wasiwasi. Mwenzako ameshika stoo mpaka utakaporudi. Wawakilishi wetu watatu wanakuja kuzika pamoja nawe.*

*Mwenyezi Mungu akupe nguvu, na aiweke roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina.*

*Meneja Mkuu*

Aya ya pili ndiyo inayoitofautisha barua hii na ile inayotolewa kwenye kompyuta kila msiba unapotokea. Ikiwa meneja hakumfahamu marehemu, awaulize wanaofanya kazi karibu na mfiwa. Wakikosa la kusema, aya hiyo iachwe kabisa, maana sifa ya kubuni itatambuliwa na familia mara moja. Hatari kubwa zaidi ni kunakili barua ya msiba uliopita na kusahau kubadili jina, au kuandika “baba” mahali pa “mama”. Ndiyo maana barua isomwe na mtu wa pili kabla ya kutiwa saini kwa kalamu.

Maneno ya dini yafuate dini ya mfiwa, si ya mwandishi. Dini hugusa muda pia. Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa hiyo tangazo liende kwa simu papo hapo na barua ifuate. Msaada nao uwe wa sanda na mahitaji ya msiba, kwa kuwa maiti hazikwi ndani ya jeneza. Mfanyakazi Mwislamu aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hilo linahitaji mazungumzo ya mapema kuhusu likizo yake ya mwaka na siku zisizo na malipo.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa. Mwajiri anaweza kuomba uthibitisho unaofaa. Wengi hawajui kwamba siku hizo nne ni za mzunguko mzima wa likizo, si za kila msiba. Aliyezika mama akazitumia zote, kisha akafiwa na kaka ndani ya mzunguko huohuo, atategemea ridhaa ya mwajiri, na siku za ziada huwa hazina malipo. Baba mdogo, shangazi na mkwe hawamo kwenye orodha, ingawa kwenye ukoo hao ni wazazi kamili.

Mtunza stoo wetu atasafiri Jumatatu kupitia Iringa, Makambako na Njombe, kisha atahitaji siku nyingine ya kurudi. Kati ya siku nne, mbili zinaishia barabarani. Akihitaji zaidi, Afisa Utumishi amjazie fomu ya likizo, nayo ibaki kwenye faili. Si habari ya barua, na si habari ya ubaoni.

Kifungu hicho kinahusu siku tu. Jeneza, gari na rambirambi hutokana na sera ya kampuni au mkataba wa hali bora, na ndivyo tangazo linavyopaswa kuvieleza waziwazi:

*TANGAZO LA MSIBA*

*Uongozi unasikitika kutangaza kifo cha mama mzazi wa mtunza stoo wetu. Maziko yatafanyika Songea, Jumatano saa 8 mchana.*

*Kiwanda kinatoa gharama ya jeneza, inayotumwa kwa familia leo. Rambirambi ya shilingi 300,000. Na gari la wawakilishi watatu, litakaloondoka getini Jumanne saa 11 alfajiri.*

*Mchango wa wafanyakazi ni wa hiari. Mweka hazina wa kamati ya maafa ataupokea hadi leo saa 10 jioni, kwa fedha taslimu au kwa simu. Kabla ya kutuma, hakikisha jina linalotokea ni lake. Hakutakuwa na makato kwenye mshahara.*

*Mwenye swali amwone Afisa Utumishi. Tafadhali tusimpigie mfiwa.*

Tangazo halitaji ugonjwa uliomuua marehemu, kwa sababu hiyo ni siri ya familia. Sentensi ya makato nayo ina uzito. Sheria hiyohiyo hairuhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo: lazima pawe na sheria, makubaliano ya pamoja au amri inayoruhusu, au mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi kulipa deni. Kumkata kila mtu shilingi 5,000 kwa sababu “ni utaratibu wetu” hakutoshi. Orodha ya waliochanga na kiasi chao isibandikwe pia. Ikibandikwa, hiari imekwisha, kwani asiye na kitu atakopa ili jina lake lisikosekane.

Wawakilishi wakirudi, mweka hazina atangaze jumla iliyopatikana na iliyokabidhiwa, na aeleze nani wa familia aliyeipokea na kusaini. Fedha ya kampuni ihesabiwe mbali na mchango wa wafanyakazi. Zikichanganywa, wafanyakazi hujikuta wamelipia jeneza ambalo kiwanda kiliahidi kulitoa, na msiba utakaofuata kila mtu atashika mfuko wake.