Tarehe Iliyorudishwa Nyuma

Mwishoni mwa Septemba 2006, polisi wa Windhoek, mji mkuu wa Namibia, walimkamata Kobi Alexander. Alikuwa mwanzilishi na mkuu wa zamani wa Comverse, kampuni ya New York iliyotengeneza mitambo ya kuhifadhi ujumbe wa sauti wa simu, na Marekani ilikuwa imemfungulia mashtaka mwezi mmoja kabla. Hakuvunja sefu wala kutorosha mzigo bandarini. Kiini cha kesi yake kilikuwa tarehe zilizoandikwa kwenye karatasi.

Ili tarehe iwe na thamani ya mamilioni, lazima kwanza ujue wakuu wa kampuni kubwa za Marekani wanalipwaje. Mshahara ni sehemu ndogo ya pato lao. Juu yake huja bonasi ya mwisho wa mwaka, na wakati ule mara nyingi kilichozidi vyote hivyo kilikuwa haki ya kununua hisa. Kampuni humwambia mkurugenzi mtendaji: kwa miaka 10 ijayo unaweza kununua hisa zetu 100,000 kwa bei ya leo, tuseme dola 40. Haruhusiwi kuitumia haki hiyo papo hapo. Husubiri miaka kadhaa, mara nyingi minne. Muda ukifika na hisa inauzwa dola 60, ananunua kwa 40, anauza kwa 60, anaondoka na dola milioni 2. Ikiwa bei imebaki 40 au imeshuka, haki hiyo haina faida, naye huiacha imalizike yenyewe.

Hoja ya mpango huu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kumwachia mtu duka lake. Mwanahisa hayupo ofisini. Hajui kama meneja anatafuta wateja au ananunua samani za ofisi. Basi badala ya kumchunga, mfanye anufaike pale wewe unaponufaika. Ndiyo maana bei ya kununulia huwekwa sawa na bei ya soko ya siku haki inapotolewa: meneja asipate kitu mpaka hisa ya mwenye mali ipande kutoka hapo ilipo.

Sasa turudi kwenye karatasi. Tuseme kamati ya bodi inakaa tarehe 1 Machi, na hisa ni dola 40. Mtu anafungua orodha ya bei za nyuma na kuona kwamba tarehe 20 Januari hisa ilikuwa dola 28. Karatasi inaandikwa kana kwamba uamuzi ulifanyika siku ile ya Januari. Hisa ikifika dola 60, mkurugenzi hapati milioni 2 bali milioni 3.2. Lakini kwangu mimi uchafu wenyewe hauko kwenye hiyo milioni na ushei. Chukua hali ya pili: hisa inashuka kutoka 40 hadi 38. Mwanahisa amepoteza dola 2 kwa kila hisa. Mkurugenzi, ambaye kwa haki angetoka mikono mitupu, ana faida ya dola 10 kwa kila hisa, jumla milioni 1. Wanahisa walidhani wamemfunga kamba moja nao, kumbe fundo lilifunguliwa siku ya kwanza.

Waendesha mashtaka walisema ndivyo ilivyokuwa Comverse. Alexander alichagua tarehe zilizopita ambazo hisa ilikuwa chini, na wajumbe wa kamati ya malipo wakatia saini karatasi za idhini zenye tarehe hizo. Palikuwa pia na akiba ya siri ya haki za hisa zilizotolewa kwa wafanyakazi wasiokuwapo, ili baadaye zigawiwe watu halisi. Akaunti yao ilipewa jina la I.M. Fanton, ukilitamka haraka kwa Kiingereza, linasikika kama mtu anayesema kwamba yeye ni mzuka. Wezi wenye mzaha ni rahisi zaidi kukumbukwa na majaji.

Kwa nini wasiweke tu bei ya dola 28 waziwazi? Hakuna sheria iliyokataza kumpa mkurugenzi hisa za bei nafuu, ilimradi wanahisa waambiwe na mpango wao uruhusu. Kikwazo kilikuwa hesabu. Kwa kanuni za uhasibu za wakati ule, haki iliyotolewa kwa bei ya siku haikuhesabiwa kuwa gharama hata senti moja, ilhali iliyotolewa chini ya bei hiyo ilipunguza faida inayotangazwa. Kodi nayo ilisukuma upande uleule. Sheria ya 1993 iliizuia kampuni kukata kwenye mapato yanayotozwa kodi zaidi ya dola milioni 1 ya malipo ya kila mkuu wa juu, isipokuwa malipo yanayotegemea ufanisi, na haki za hisa kwa bei ya siku zilihesabiwa kuwa malipo ya ufanisi. Kurudisha tarehe nyuma kulimpa mkuu punguzo, huku vitabu vikionyesha kwamba hakupewa punguzo lolote.

Aliyewaumbua hakuwa mpelelezi. Erik Lie, profesa wa fedha katika Chuo Kikuu cha Iowa, alichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa maelfu ya tarehe za kutolewa haki hizi. Kwa wastani hisa zilishuka kabla ya tarehe hiyo na kupanda mara baada yake, na katika baadhi ya siku hizo soko zima nalo liligeuka. Meneja anaweza kujua habari njema za kampuni yake mapema. Hawezi kujua lini soko zima la New York litapanda. Maelezo yanayobaki ni kwamba tarehe ilichaguliwa baadaye.

Dawa ilikuwa tayari imeanza kufanya kazi. Tangu Agosti 2002 kampuni zililazimika kuripoti haki hizo ndani ya siku 2 za kazi, na kwa zilizotii, mtindo ule wa bei karibu utoweke. Msomaji wa ripoti ya mwaka anaweza kufanya jaribio hilohilo nyumbani: linganisha tarehe za kutolewa haki na chati ya bei. Siku ikiangukia bondeni mara moja ni bahati. Ikiangukia bondeni mwaka hadi mwaka, uliza.

Lakini hata karatasi safi haimalizi mgongano. Mwenye hisa hula gawio; mwenye haki ya kununua hali. Kampuni ikigawa dola 1 kwa kila hisa, bei ya hisa hushuka takriban kiasi hicho, na mkurugenzi anayesubiri anaona faida yake ikipungua. Fedha hizohizo zikitumika kununua hisa za kampuni sokoni, bei yake haipati pigo hilo. Hahitaji kuvunja sheria yoyote ili apendelee njia ya pili. Bonasi nayo ina kona zake: ikiwa hulipwa faida inapofika kiwango fulani na haiongezeki baada ya kiwango kingine, meneja aliyekwisha kufika juu ana sababu ya kusogeza mauzo ya Desemba hadi Januari.

Alexander alitoa dhamana ya dola milioni 10 za Namibia na kuishi Windhoek karibu miaka 10, akipinga kurudishwa Marekani. Mwaka 2016 alirudi mwenyewe, akakiri kosa moja la udanganyifu wa hisa, na Februari 2017 akahukumiwa kifungo cha miezi 30.