Shairi la Kuomba Radhi Lisilo na Lakini

Katika kikao cha nne cha kamati ya harusi ya kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenyekiti alikuwa akisoma majina ya wanakamati na ahadi zao. Ilipofika zamu ya rafiki yangu, alisimama akasema anaongeza ahadi yake ifike shilingi 100,000. Mimi nilikuwa nimekaa viti viwili nyuma yake. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Lipa kwanza zile 80,000 zangu, ndipo uahidi watu."

Chumba kizima kilinyamaza. Rafiki yangu hakujibu. Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akatoka. Fedha hizo alizikopa wakati mkewe amelazwa hospitali, na aliniomba jambo lile libaki kati yetu wawili. Tulijuana tangu darasa la tatu. Baada ya usiku ule tulikaa wiki saba bila kusemezana.

Nilimwandikia shairi. Nimeshatunga mashairi mengi, ya harusi na ya misiba, ya kusifu na ya kuaga wastaafu, nikadhani hili nalo nitalimaliza usiku mmoja. Lilinichukua siku 11, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa nafuta. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyafuta, kwa sababu humo ndimo nilimojifunza jinsi shairi la kuomba radhi linavyoharibika bila mtungaji kujua.

Kwanza umbo lenyewe, kwa msomaji asiyetunga. Nilitumia tarbia, yaani shairi ambalo kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani 8. Katika mishororo mitatu ya mwanzo vina vya kati hulingana, na vina vya mwisho hulingana pia. Mshororo wa nne ni kituo, na ukirudiwa kila ubeti huitwa kibwagizo. Sheikh Amri Abedi alizieleza sheria hizi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na hadi leo wapo washairi wengi wanaozifuata. Uzuri wake ni kwamba mtu akizitii, hata maneno ya kawaida husikika yana uzito. Katika shairi la toba, uzuri huo huo ndio hatari yake.

Huu ndio ubeti wangu wa kwanza wa usiku ule:

Zilinipanda hasira, maneno yakanitoka,
Nilikuwa na harara, na mwili ulishachoka,
Ikatokea hasara, urafiki kuvunjika,
Kama nimekukosea, tusameheane ndugu.

Hesabu mizani, imetimia. Angalia vina, -ra katikati na -ka mwishoni, vimekaa sawasawa. Niliusoma kwa sauti nikaridhika, nikaenda kulala. Asubuhi niliusoma tena, safari hii nikijaribu kuusikia kwa masikio ya yule aliyekunja karatasi yake na kutoka, nikaona aibu. Ndani ya mishororo minne hakuna mahali hata pamoja ambapo mimi nimefanya jambo.

Hasira ndizo zilizonipanda. Maneno ndiyo yaliyotoka, kana kwamba mdomo ulikuwa mlango uliosahauliwa wazi. Hasara imetokea yenyewe, na urafiki umevunjika kama chungu kilichoanguka usiku hakuna anayekitazama. Kiswahili kina kauli hii ya kutendeka, na ina kazi yake ya halali pale mtendaji asipojulikana. Lakini kila mzazi anaijua vizuri. Mtoto akiangusha glasi husema, "Imevunjika," na mama humwuliza, "Nani kaivunja?" Ubeti wangu ulikuwa mtoto yule.

Kituo kilikuwa kibaya zaidi. Neno "kama" lilikuwa linamwambia rafiki yangu kwamba kosa bado linachunguzwa, na huenda yeye ndiye mwepesi wa kuumia. Nalo "tusameheane" nililipenda kwa sababu lina upole, hata nikasahau maana yake. Kitenzi cha kutendeana hugawa jambo kwa wawili. Wanaosameheana ni wale waliokoseana, na yeye hakuwa amenikosea kitu. Alikuwa amekopa na kuchelewa, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikwisha kumwambia asiwe na haraka nalo.

Nilijaribu kurekebisha neno moja moja, nikashindwa. Kila nilipoondoa kisingizio kimoja, kina kilinivutia kingine. Siku ya nne ndipo nilipoelewa. Nilipochagua kina cha -ka nilikuwa nimejifungia katika nyumba ya vitenzi vya kuvunjika, kumwagika, kuharibika, kukasirika. Mtungaji mwenye mshororo pungufu huchukua neno lililo karibu, na maneno yaliyo karibu na -ka ni yale yanayomficha mtendaji. Hapo nikabadili kina chenyewe. Nikachukua -sha, kina cha kauli ya kusababisha: kuaibisha, kuinamisha, kuwasha. Vitenzi hivi vinadai mtu wa kuvifanya, na mtu huyo alikuwa mimi.

Ubeti ukawa hivi:

Mbele za watu ni mimi, niliyekuaibisha,
Deni lako kwa ulimi, hadharani nikarusha,
Wala sababu sisemi, moto mimi nimewasha,
Nimekukosea ndugu, nakuomba msamaha.

Hapa kosa lina jina, lina mahali na lina mwenyewe. Limetajwa deni, imetajwa hadhara, yaani yale mawili hasa yaliyomwuma. Mtu aliyeumizwa akisoma radhi hutafuta kwanza kama mkosaji anajua ni wapi alipompiga. Ningeandika "maneno yangu mabaya" tu, angebaki akijiuliza kama nadhani kilichomuudhi ni sauti yangu ya juu. Katika kituo "kama" imeondoka, na "tusameheane" imempisha mtu mmoja anayeomba na mmoja anayeombwa.

Ubeti huu nilikaa nao siku tatu kabla sijaiona kasoro iliyobaki, na nawaomba watungaji wenzangu waiangalie sana. Iko katika mshororo wa tatu. "Wala sababu sisemi" inaonekana ni unyenyekevu, kumbe ni kumdokeza kwamba sababu ninazo, ila nimekuwa muungwana nikazificha. Mtu asiye na udhuru hatangazi kwamba hatoi udhuru. Anaendelea na neno lake. Tena mshororo mzima ulikuwa bado unanizungumzia mimi, na ilikuwa sasa ni mimi katika mishororo yote mitatu. Yeye, aliyeondoka usiku ule, hakuonekana popote.

Nikaufuta, nikaandika:

Ukaondoka husemi, uso ukainamisha,

Vina vimebaki vile vile, mizani vile vile, lakini sasa shairi linamwona. Nilimwambia kwamba nilimtazama akitoka, kwamba ile picha ninayo. Mshororo huu ndio ulionigharimu kuliko yote, maana kuuandika kulinilazimu nirudi kwenye kiti changu na kuutazama uso wake tena bila kukwepa.

Ubeti wa pili ulikuwa wa nitakachofanya. Hapa kuna kishawishi cha kuahidi makubwa, au cha kulipia. Nilifikiri kumfutia deni ndani ya shairi, na kwa saa chache nililiona wazo hilo kuwa la kiungwana. Lakini deni likifutwa katika barua ile ile inayoomba msamaha, msamaha unakuwa na bei, na mtu anayeheshimu jina lake atakataa vyote viwili. Fedha zile zilikuwa jambo jingine, la siku nyingine. Aibu alitiwa mbele ya watu, kwa hiyo malipo yake yalikuwa mbele ya watu wale wale:

Kwa wote walosikia, nitasimama kusema,
Kwamba nilikuonea, wewe huna la lawama,
Jibu silidai pia, ukinyamaza ni vyema,
Nimekukosea ndugu, nakuomba msamaha.

Mshororo wa tatu una sababu inayotokana na mila yetu ya ushairi. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa na kabla yake, shairi la Kiswahili limekuwa likiita jibu. Mtu akikutungia, wewe nawe unatunga, mara nyingi kwa vina vile vile, na asiyejibu huonekana ameshindwa. Mchezo huo unafaa katika mafumbo na malumbano. Kwa mtu uliyemwumiza ni mzigo wa pili, kwa kuwa unamtaka afanye kazi ya kukutuliza. Ilinibidi nimfungulie mlango kwa maneno wazi. Nilitumia kitenzi cha kudai kwa makusudi, maana nilikwisha kumdai mara moja mbele za watu.

Nikaishia beti mbili. Nilikuwa nimetunga saba. Zile tano zilikuwa za kumbukumbu zetu: shule, mpira wa makaratasi, jinsi tulivyogawana nauli tulipokuwa tukitafuta kazi. Zilikuwa beti nzuri na nilizipenda, lakini kila moja ilikuwa inamkumbusha wema wangu wa zamani katikati ya ubaya wangu wa juzi. Nimeziweka. Pengine zitafaa siku ya furaha.

Kuhusu maneno ya kuombea, nilisita kati ya msamaha na radhi. Pole niliiacha mapema, kwa kuwa pole humpa mtu faraja kwa lililompata bila kusema nani kamletea. Radhi ni neno zito zaidi, lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kuridhika. Anayesema "niwie radhi" anaomba moyo wa mwenzake utulie juu yake, na hilo ni kubwa kuliko kufutiwa kosa. Niliona sijafika mahali pa kuliomba, nikabaki na msamaha.

Sikulituma kwenye kundi la kamati, ingawa kosa lilifanyika mbele ya kamati. Shairi likisomwa na watu 30 kabla yake, wote watamtazama waone kama atasamehe, na atakuwa amebanwa ukutani kwa mara ya pili. Niliandika kwa mkono, kwa wino wa buluu, bila kuweka jina lake juu wala pambo lolote, nikampa mwanawe ampelekee. Jumamosi iliyofuata, kikao kilipofunguliwa, niliomba nafasi ya kusema kabla ya hesabu za michango. Nilisema kwa nathari, kwa sentensi tatu: kwamba nilimvunjia heshima mwenzetu, kwamba jambo nililolitaja alinieleza kwa siri, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Yeye hakuwepo.

Siku tisa baada ya shairi kumfikia, simu yangu iliita saa moja usiku. Hakutaja shairi, nami sikuuliza. Aliuliza kikao kijacho kinaanza saa ngapi, nikamwambia saa kumi jioni, akasema, "Haya, nipitie twende pamoja."